Kweli au Si Kweli: Mstari, Mawimbi au Bloku kwa Mnyanyuaji Aliyekwama?

Mwaka wa kwanza wa kunyanyua vyuma una raha yake. Unaingia jimu Jumatatu, unaongeza sahani ndogo, chuma kinapanda. Wiki inayofuata unaongeza tena, nacho kinapanda. Halafu siku moja kinagoma. Skwati imesimama kwenye kilo 100 kwa marudio matano, na mwezi wa pili ukiisha bado iko hapo hapo. Ushauri ndipo unapoanza kumiminika: kaka, hamia mawimbi, achana na mstari, huo ni wa wanaoanza, fanya bloku kama Warusi. Kila kauli kati ya hizo ina chembe ya ukweli, ila chembe hiyo imezungukwa na mengi yasiyo kweli, na mtu anaweza kupoteza mwaka mzima akiruka kutoka mpango mmoja hadi mwingine.

Kwanza tuelewane kuhusu mipango yenyewe. Katika mpango wa mstari unaanza na marudio mengi kwa uzito wa wastani, kisha wiki zinavyokwenda marudio yanapungua na uzito unapanda. Katika mpango wa mawimbi mabadiliko hayo hayo yanatokea ndani ya wiki moja: leo marudio manane, keshokutwa matatu mepesi ya kasi, Ijumaa manne ya uzito mkubwa. Mpango wa bloku unatenga wiki kadhaa kwa lengo moja tu, labda kujenga misuli, kisha unalifunga na kuhamia lengo la pili, yaani nguvu, na mwisho wiki chache za kutoa kilichovunwa siku ya mashindano.

Mnyanyuaji ninayemzungumzia hapa amefanya mazoezi bila kukatiza kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Mbinu yake si mbaya. Tuseme skwati yake ya juu kabisa ni kilo 120, benchi 90, dedilifti 150, na kila zoezi anapiga seti tano za marudio matano, siku tatu kwa wiki. Amekwama.

“Mpango wa mstari ni wa wanaoanza tu”

Si kweli. Kosa linatokana na kuchanganya mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Lipo lile la kuongeza uzito kila unapoingia jimu, seti na marudio yakibaki vilevile. Hilo ndilo la wanaoanza, na ndilo lililomwishia mnyanyuaji wetu. Mpango wa mstari ni jambo jingine: umepangwa kwa wiki nyingi, na uzito unapopanda marudio hushuka. Mizizi yake ni kwa Lev Matveyev, mtaalamu wa Kisovieti aliyeandika katikati ya miaka ya 1960 kuhusu namna ya kuugawa mwaka wa mwanamichezo, na wanamichezo aliokuwa nao akilini hawakuwa wanaoanza hata kidogo.

Mpango huo una udhaifu wake. Ukikaa wiki nne au sita kwenye marudio manane hadi kumi, misuli inapata kazi ya kutosha lakini unasahau kubeba uzito mkubwa. Kubeba uzito mkubwa ni ujuzi: namna ya kukaza tumbo, ya kutulia chini ya chuma kabla ya kushuka, ya kutokata tamaa kinapopunguza kasi katikati ya njia. Na ukifika wiki za mwisho zenye marudio mawili matatu, jumla ya kazi imeshuka, na misuli uliyoijenga mwanzoni haipati tena cha kuitunza.

Kuna na sababu ya kawaida kabisa inayowakwamisha watu wengi wa huku kwetu, nayo ni sahani. Katika jimu nyingi za mitaani sahani ndogo kabisa ni ya kilo 2.5. Ukiweka moja kila upande umeongeza kilo 5. Kwa dedilifti ya kilo 150 hilo halisumbui, lakini kwa benchi ya kilo 65 umeongeza karibu asilimia 8 kwa mkupuo. Hakuna mnyanyuaji wa kati anayeweza kuruka hivyo kila wiki, awe na mpango gani. Na kama sahani zimechongwa na fundi au zimemiminwa saruji, zipime kwenye mzani kabla ya kuamini namba iliyopakwa rangi. Sahani mbili za “kilo 20” zikitofautiana kilo moja na nusu, daftari lako linakudanganya, na chuma kinaelemea upande mmoja bila wewe kujua kwa nini bega la kulia linauma.

“Ukikwama, ujue mpango wako umechoka”

Mara nyingi si kweli, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi, kwa sababu kuchagua kati ya mipango mitatu kabla ya kujua umekwama kwa sababu gani ni kazi ya kubahatisha.

Sababu za kukwama ni mbili kubwa, na dawa zake zinapingana. Huenda mwili umechoka: nguvu ipo, ila uchovu wa wiki nyingi umeifunika. Au mwili umezoea: kazi unayoupa haitoshi tena kuulazimisha ubadilike. Aliyechoka akiongeza kazi anazidi kuzama. Aliyezoea akipumzika anabaki palepale, tena akiwa na furaha ya kujihisi mwepesi.

Kipimo chake ni rahisi na kinachukua wiki moja. Acha uzito ulivyo, punguza seti kwa nusu. Mnyanyuaji wetu anayepiga seti tano za marudio matano kwa kilo 100 atapiga seti mbili au tatu kwa kilo zilezile. Asipunguze uzito, kwa sababu uzito ndio unaoshikilia nguvu. Wingi wa seti ndio unaochosha. Wiki inayofuata apige seti moja kwa kilo 100, marudio mengi awezavyo bila mbinu kuvunjika, na aandike namba.

Akitoka na marudio saba au manane pale alipokuwa hapiti matano au sita, jibu limepatikana: alikuwa amechoka. Nguvu ya kilo 5 za ziada ilikuwa mwilini siku zote. Akitoka na yaleyale, huku analala vizuri na viungo havimuumi, basi amezoea, na sasa ndiyo haki yake kuuliza habari za mpango. Akitoka na pungufu, atazame nje ya jimu. Usingizi wa saa tano na chakula kisichotosha haviponywi na mpango wowote, na uzito wa mwili unaoshuka mwezi baada ya mwezi ni ushahidi tosha kwamba hali chakula cha kutosha.

Kipimo hiki kinahitaji daftari. Kukwama nako kuna kiwango: wiki moja mbaya si kukwama. Ukipitisha wiki tatu hadi nne bila kuongeza hata rudio moja, kwa uzito wowote, hapo umekwama.

“Utafiti umethibitisha kuwa mawimbi yanaleta nguvu maradufu”

Nusu kweli. Madai haya yana chanzo kinachojulikana. Mwaka 2002 Matthew Rhea na wenzake walichapisha jaribio la wiki 12 kwa wanaume 20 waliokuwa tayari wananyanyua. Nusu yao walifuata mstari: wiki nne za marudio 8, nne za 6, nne za 4. Nusu nyingine walipiga marudio 8, 6 na 4 kwa siku tofauti za wiki ileile. Jumla ya kazi ilikuwa sawa. Mwishoni kundi la mstari liliongeza asilimia 14.4 kwenye benchi, na kundi la mawimbi 28.8. Kweli, ni maradufu.

Lakini zichukue asilimia hizo uziweke juu ya benchi ya mnyanyuaji wetu. Kilo 90 zikiongezeka kwa asilimia 28.8 zinafika karibu kilo 116, ndani ya miezi mitatu. Mtu yeyote aliyekaa jimu miaka miwili anajua jambo hilo halimtokei aliyekwama. Makundi yalikuwa ya watu kumi kumi, na katika kundi dogo hivyo wachache wanaokwenda kasi wanatosha kuuvuta wastani juu sana.

Majaribio mengine yalipokusanywa pamoja, picha ilitulia. Harries na wenzake, mwaka 2015, waliyajumlisha na hawakuona tofauti ya maana kati ya mstari na mawimbi. Mwaka 2022 Moesgaard na wenzake waliyachambua upya, wakichukua tu majaribio ambayo jumla ya kazi ililinganishwa. Waliona mawimbi yana nafuu kidogo katika kuongeza uzito wa juu kabisa, na nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa watu waliokwisha kuzoea mazoezi. Katika kukuza misuli hawakuona tofauti.

Kwa hiyo ukweli wenye manufaa ni mdogo kuliko ule wa vijiweni, lakini unamhusu mnyanyuaji wetu moja kwa moja. Anayetafuta ukubwa wa misuli pekee hana sababu ya kubadili mpango. Aongeze seti na chakula. Anayetafuta kilo kwenye chuma, naye si mgeni tena, mawimbi yanampa nafasi bora kidogo.

Kwa nini? Kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba mawimbi hayakuruhusu kusahau. Kila wiki unagusa uzito mkubwa, kwa hiyo ujuzi haupati kutu, na kila wiki ile ile misuli inapata seti zake ndefu. Kuna na faida ya uchovu: siku ya katikati ikiwa nyepesi, mwili unapumua pasipo kukaa nyumbani.

“Bloku ndiyo ya mabingwa, kwa hiyo ndiyo bora”

Si kweli kwa mtu huyu. Jina linalotajwa sana katika bloku ni Vladimir Issurin, aliyefanya kazi na wapiga makasia wa kayak wa Umoja wa Kisovieti. Ukitazama shida yao utaelewa dawa yao. Mpiga makasia wa kiwango cha juu anahitaji pumzi ndefu, nguvu, ustahimilivu wa misuli na kasi, vyote kwa pamoja, na akivifanyia kazi vyote wiki moja vinagombana. Tena ana mashindano mengi ndani ya mwaka. Issurin akapanga kila bloku ishughulikie mambo machache, akitegemea kwamba kilichojengwa hakipotei mara moja: kwa makadirio yake nguvu ya juu hudumu karibu siku 30 baada ya kuacha kuifanyia kazi, na kasi ya juu kama siku 5 tu. Mpangilio wa bloku unafuata tarehe hizo.

Mnyanyuaji wetu hana ugomvi huo. Anachotafuta ni misuli na nguvu, na viwili hivyo vinasaidiana. Hana pia mashindano ya kumlazimisha awe kileleni tarehe fulani. Akijifungia wiki nne za marudio kumi, atakutana na udhaifu uleule wa mstari: akirudi kwenye marudio matatu, kilo 100 zitamlemea mabegani kama mgeni, na wiki mbili za bloku ya nguvu zitaishia kwenye kujikumbusha tu.

Bloku inaanza kumfaa mtu pale anapokuwa na nguvu kiasi kwamba hawezi tena kupata kazi ya kutosha kwa kila lengo ndani ya wiki moja bila kuvunjika. Mwenye skwati ya kilo 220 anajua ninachosema: kwake siku moja ya uzito mkubwa inadai siku nyingi za kupona. Kwa skwati ya 120 bado kuna nafasi.

“Mawimbi maana yake ni kubadilisha mazoezi kila siku ili kuushangaza mwili”

Si kweli. Kinachopanda na kushuka ni uzito na marudio. Zoezi ni lilelile. Ukipiga skwati Jumatatu, mashine ya miguu Jumatano na hatua ndefu za kushika vyuma Ijumaa, umefanya skwati mara moja tu kwa wiki, na maumivu ya misuli unayoyapata ni ya ugeni wa zoezi.

“Ukichagua mawimbi unaachana na mstari”

Si kweli, na kuiunganisha ndio msingi wa mpango ninaompendekezea mnyanyuaji wetu: mawimbi ndani ya wiki, mstari ukipanda taratibu wiki hadi wiki.

Charles Poliquin, kocha wa Kanada aliyeandika kuhusu mawimbi mwaka 1988, alikuwa akibadilisha kila baada ya wiki mbili. Wengine wakafupisha hadi siku. Mpangilio wa siku una umuhimu wake. Michael Zourdos na wenzake, mwaka 2016, waliwapima wanyanyuaji wa vyuo waliofuata siku zilezile tatu kwa utaratibu tofauti, na walioweka siku nyepesi ya kasi katikati, kati ya siku ya seti ndefu na siku ya uzito mkubwa, walipata matokeo mazuri zaidi kwenye benchi. Inaeleweka: saa 48 baada ya seti ndefu miguu na kifua havijapona, na si wakati wa kuvitaka vitoe nguvu zote.

Basi tuchukue skwati ya kilo 120. Jumatatu anapiga seti nne za marudio manane kwa kilo 85. Jumatano seti tano za marudio matatu kwa kilo 90, kila rudio akisukuma kwa kasi yote aliyonayo, akiacha mara tu kasi inapopungua. Ijumaa seti nne za marudio manne kwa kilo 100. Benchi inafuata uwiano uleule. Dedilifti inachosha mgongo, kwa hiyo ipewe siku mbili tu: Jumatano seti nne nyepesi za marudio matatu kwa kilo 110, na Ijumaa, baada ya skwati, seti tatu za marudio matatu kwa kilo 125. Katika siku zote abakize akiba ya rudio moja au mawili ambayo angeweza kuyapiga lakini hakuyapiga.

Wiki ya pili haongezi uzito. Anaongeza rudio moja kwenye kila seti ya Jumatatu. Wiki ya tatu anaongeza seti moja Ijumaa. Hivyo ndivyo anavyoivuka shida ya sahani ya 2.5, kwa kuongeza kazi pale ambapo hawezi kuongeza nusu kilo. Wiki ya nne uzito unabaki, seti zinakatwa nusu. Wiki ya tano mstari unajionyesha: Jumatatu sasa ni kilo 90 kwa marudio sita, Jumatano 95 kwa matatu, Ijumaa 105 kwa matatu. Anaendelea hivyo kwa wiki tatu, akiongeza kwa utaratibu uleule. Wiki ya nane anakata seti nusu, ya tisa anajipima.

Kujipima hakuhitaji kubeba uzito wa kuua bila mtu wa kukushikia. Kuna hesabu ya makadirio inayotumiwa sana:

```
uzito wa juu = kilo × (1 + marudio ÷ 30)
```

Kabla ya kuanza alipiga kilo 100 mara sita, yaani makadirio ya kilo 120. Wiki ya tisa akipiga kilo 105 mara sita, anafika 126. Akipiga mara tano ni 122.5. Akipiga mara nne ni 119, hajasogea, na namba hiyo inamrudisha kwenye swali la uchovu na mazoea. Hesabu hii inapotosha marudio yakizidi kumi, kwa hiyo apime kwa uzito unaomruhusu machache.

Mpango huu huharibika kwa njia mbili ambazo nimeziona mara nyingi. Ya kwanza ni kuigeuza Jumatatu kuwa vita, kila seti hadi mwisho wa pumzi. Dalili inaonekana Ijumaa: seti ya kwanza tu ya kilo 100 inapanda polepole, na wakati wa kuinuka makalio yanatangulia huku kifua kikibaki chini. Dawa ni kuondoa seti moja ya Jumatatu kabla ya kugusa Ijumaa. Ya pili ni Jumatano. Kilo 90 zinaonekana kama dharau kwa mtu mwenye 120, rafiki anaangalia, basi anaweka 105 “kujaribu tu”. Sasa ana siku mbili nzito zinazofuatana, wimbi limelala, na baada ya wiki tatu yuko pale alipoanzia.

Kwa anayefunga Ramadhani, mwezi huo usiwe wiki za tano hadi saba. Uingie mahali pa kukata seti: uzito uleule, seti nusu, mazoezi yasogezwe baada ya futari. Nguvu haitakimbia kwa mwezi wa kazi ndogo yenye uzito wa kweli, na Shawwal ataanza mzunguko mpya akiwa mzima.

Na kama kuna tarehe ya mashindano, bloku ipewe nafasi yake mwishoni tu. Amalize mzunguko wa wiki nane, kisha wiki tatu zinazofuata aondoe siku ya seti ndefu, abaki na marudio mawili au rudio moja kwa kilo 105 hadi 115, na siku nne za mwisho kabla ya kupanda jukwaani asiguse chuma.